"Hata glasi moja ya pombe ni hatari": utafiti wa 2018 ulisema nini hasa?

Mwezi Agosti 2018 kuna habari ilisambaa dunia nzima, labda unaikumbuka, kwamba hakuna kiwango salama cha pombe, hata glasi moja tu kwa siku inadhuru, na utafiti mkubwa kabisa umethibitisha. Mimi niliikuta kwenye grupu la familia. Shemeji aliitupia pale kumlenga mjomba, na mjomba ambaye kila jioni anakunywa bia mbili, siku nyingine tatu, akajibu kwa kifupi tu, "basi kama hata moja inadhuru, moja na tatu si yaleyale." Watu wakacheka, mada ikapita. Lakini ile sentensi ya mjomba ilinikaa kichwani, maana ukiangalia hakukosea kusoma, aliisoma habari ilivyoandikwa. Nikaenda kuutafuta utafiti wenyewe.

Utafiti wenyewe ulitoka kwenye jarida la Lancet, na kazi iliratibiwa na IHME, taasisi ya Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ambao wana mradi mkubwa wa kuhesabu magonjwa na vifo dunia nzima. Walichukua nchi na maeneo 195, kuanzia 1990 mpaka 2016, wakakusanya tafiti 592 zilizokwisha fanywa na watu wengine kuhusu pombe na magonjwa, wakazichanganya wapate picha moja. Ni kazi nzito na sio ya kubeza hata kidogo, na unaweza kuisoma bure mtandaoni. Nayasema haya mapema ili isije ikaonekana nautetea ulevi. Ninachobishana nacho ni habari, na nitaenda nacho polepole sehemu kwa sehemu.

Tuanze na hilo neno "salama" kwa sababu ndilo lililobeba kichwa cha habari. Ukisoma matokeo kwenye muhtasari wa utafiti, sentensi yenyewe inasema, kwa Kiswahili chetu, kwamba kiwango cha pombe kinachofanya madhara ya kiafya yawe madogo kuliko viwango vingine vyote ni sifuri, na wanaweka ukingo wa shaka pembeni, yaani jibu halisi linaweza kuangukia popote kati ya 0 na 0.8 ya kipimo kwa wiki, na hicho kipimo ni nini nitakieleza mbele. Sasa ona tofauti. Wao walichora mstari, chini ni kiasi cha pombe kwa siku, pembeni ni madhara, wakauliza mstari huu uko chini kabisa wapi? Jibu, kwenye sifuri. Habari ikachukua jibu hilo ikaligeuza kuwa "ukitoka tu kwenye sifuri uko hatarini." Lakini kujua mstari uko chini kabisa wapi hakukwambii ukisogea kidogo unapanda kwa kiasi gani. Siku ambayo uwezekano wako wa kugongwa na gari ni mdogo kuliko zote ni ile ambayo hujatoka nyumbani, hilo ni kweli tupu, ila halikwambii kuvuka barabara mara moja kuna hatari kiasi gani. Kwa hiyo swali la kufuata lazima liwe, mstari unapandaje?

Na hapa ndipo penye utamu wote wa hii stori, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mle ndani ya utafiti namba zimekaa kwa mtindo wa kulinganisha, yaani anayekunywa kiasi fulani ana hatari mara ngapi ukimweka na asiyekunywa kabisa. Kwa kipimo kimoja kwa siku, hatari inapanda kwa asilimia 0.5. Kwa vipimo viwili, asilimia 7. Kwa vitano, asilimia 37. Sasa asilimia ikiwa peke yake haina maana yoyote mpaka ujue ni asilimia ya nini, na namba ya msingi kwenye makala ya utafiti haikuwekwa. Iliwekwa kwenye taarifa ambayo Lancet waliwatumia waandishi wa habari, na hii nataka uikumbuke, maana mara nyingi taarifa za namna hiyo ndizo zinazotia chumvi, ila safari hii zile namba za kumsaidia msomaji zilikuwa humo humo. Zinasema hivi. Chukua watu 100,000 wasiokunywa kabisa, wa umri kati ya miaka 15 na 95. Ndani ya mwaka mmoja, watu 914 kati yao watapata mojawapo ya matatizo 23 ambayo pombe inahusishwa nayo, mfano kansa fulani fulani, kifua kikuu, ajali.

Soma tena hapo. Hawa hawanywi. Watu 914 wasiogusa pombe wanapata yale yale magonjwa "ya pombe", kwa sababu magonjwa hayo yana vyanzo vingine kibao, kansa ya matiti inampata mtu ambaye hajawahi kuonja, ajali inampata aliyekaa kituoni anasubiri gari. Hawa ndio sakafu yetu, na kila unachokisema kuhusu pombe unakijenga juu ya hiyo sakafu.

Sasa chukua wengine 100,000, kila mmoja anywe kipimo kimoja kila siku mwaka mzima. Wanaopata tatizo wanakuwa 918. Wameongezeka wanne. Wanne kwa laki moja! Ile asilimia 0.5 ndiyo hii hapa kwa kukadiria, nne ukigawa kwa 914. David Spiegelhalter, mtaalamu wa takwimu wa Cambridge, aliigeuza hesabu hii vizuri sana wakati ule: ili apatikane mtu mmoja wa ziada mwenye tatizo, inabidi watu 25,000 wanywe kipimo kimoja kila siku kwa mwaka mzima. Kila mmoja wao atakuwa amemaliza kama chupa 16 za jini za mililita 700, kwa hiyo wote kwa pamoja ni chupa 400,000, kwa tatizo moja la ziada. Sikwambii hiyo ni sifuri, sio sifuri, na kwa nchi yenye mamilioni ya wanywaji hao wanne wanne wanajumlishana wanakuwa watu wengi. Nasema tu kwamba mtu mmoja aliyesoma "glasi moja kwa siku ni hatari" hakupata picha hii kichwani mwake, alipata picha kubwa zaidi ya hii.

Twende kwenye vipimo viwili kwa siku. Wanakuwa 977, yaani 63 zaidi ya wasiokunywa. Umeona kilichotokea? Kiasi kimeongezeka mara mbili lakini watu wa ziada wametoka 4 mpaka 63, karibu mara 16. Na vipimo vitano kwa siku wanakuwa 1,252, yaani 338 wa ziada. Kwa hiyo ule mstari unatambaa pale mwanzoni, karibu ulale chini kabisa, halafu unaanza kupanda, halafu unapanda kwa kasi. Ukifungua utafiti utaikuta grafu yake, mstari mmoja tu uliopinda, na kwa maoni yangu hiyo grafu moja ina ujumbe kuliko habari zote zilizoandikwa siku ile.

Na hapo ndio namrudia mjomba. Kichwa cha habari kilichosema "hakuna kiwango salama" kilitia chumvi kwa anayekunywa kidogo, hilo tumeliona, lakini kwa anayekunywa sana kilifanya kinyume chake, kilipunguza! Maana kimewaweka wote kwenye kapu moja. Wa 4 na wa 338 wote wanaambiwa "si salama" na stori imeisha, na mtu wa 338 akisikia kwamba hata yule wa kipimo kimoja yuko hatarini anapumua, anaona si ni wote tu. Mjomba alifanya hicho hicho. Habari iliyokuwa na nia ya kumshtua ilimpa kisingizio.

Kuna jambo jingine ambalo linaangusha watu wengi bila kujua, nalo ni hicho "kinywaji kimoja". Habari nyingi ziliandika glasi moja, au bia moja. Utafiti haukumaanisha bia moja. Kipimo chao ni gramu 10 za pombe tupu, na hapo lazima upige hesabu mwenyewe: mililita za kinywaji, zidisha kwa kile kiwango cha pombe kilichoandikwa kwenye chupa, halafu zidisha kwa 0.79 kwa sababu mililita moja ya pombe ina uzito wa gramu 0.79 hivi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe, ambazo ni kama gramu 20. Hivyo ni vipimo viwili tayari. Divai ya asilimia 13, kipimo kimoja ni mililita 100 tu hivi, na watu wengi wakijimiminia nyumbani wanaweka zaidi ya hapo. Kwa hiyo yule aliyesoma habari, hata ile iliyoandikwa vizuri yenye namba, akasema "ah wanne tu kwa laki, mimi nakunywa bia yangu moja kubwa", amejiweka kwenye mstari wa 918 wakati yuko kwenye mstari wa 977. Na mjomba na bia zake mbili mpaka tatu kubwa yuko kwenye vipimo vinne mpaka sita kila siku. Hapo ni kwenye eneo la 1,252, wala sio kwenye lile la kutambaa. Nilipomwonyesha hesabu hii kwa kutumia chupa yake mwenyewe, akasoma ile asilimia kwenye lebo kana kwamba anaiona mara ya kwanza, ndipo tukaongea vizuri, kitu ambacho ile habari ilishindwa.

Namba nyingine iliyotumika vibaya ni milioni 2.8. Utafiti unasema pombe ilihusika na vifo milioni 2.8 duniani mwaka 2016. Namba hiyo ni yao, haijabuniwa na mwandishi. Tatizo ni ilipowekwa. Unakuta aya ya kwanza inasema hata glasi moja si salama, aya ya pili inasema pombe inaua watu milioni 2.8 kila mwaka, na msomaji bila hata kufikiri anaunganisha, kwamba glasi moja moja ndizo zinazoua hao mamilioni. Lakini hiyo milioni 2.8 ni ya wanywaji wote kwa pamoja, ukiilinganisha na dunia ya kufikirika ambayo hakuna anayekunywa. Ndani yake yupo aliyekunywa chupa nzima akaendesha gari, yupo aliyekunywa kupindukia miaka thelathini. Ukiona tena mgawanyo wake unaelewa zaidi, kwa watu wa miaka 15 mpaka 49 vifo vilivyoongoza vilikuwa vya kifua kikuu, ajali za barabarani na kujidhuru, wakati kwa waliozidi miaka 50 kansa ndizo zilichukua nafasi kubwa. Kwa hiyo ukiisoma habari yoyote ya afya ikakupa dozi ndogo sentensi moja na jumla kubwa ya vifo sentensi inayofuata, simama hapo, jiulize hiyo jumla ni ya watu wa dozi ipi.

Halafu neno "imethibitishwa". Hakuna mtu hapa aliyegawa watu makundi mawili kwa bahati nasibu, hawa wanywe hawa wasinywe, akasubiri miaka ishirini. Tafiti zile 592 nyingi zilifuatilia watu wanaoishi maisha yao na kuwauliza wanakunywa kiasi gani, na binadamu akiulizwa anakunywa kiasi gani huwa anapunguza. Watafiti wanalijua hilo, ndio maana walitumia pia takwimu za mauzo ya pombe, wakarekebisha kwa ajili ya watalii na pombe isiyoandikishwa. Wamefanya inavyowezekana. Ila tofauti ya 914 na 918 ni ndogo mno, na kwa tofauti ndogo hivyo mambo madogo kama haya yana nguvu ya kuisogeza huku au kule. Tofauti ya 914 na 1,252 haisogei kirahisi. Neno moja "imethibitishwa" limetumika kwa vyote viwili wakati havina uzito sawa.

Kitu cha mwisho ambacho habari karibu zote zilikiruka, na mimi nakiona ndicho cha maana kwa mtu wa kawaida, ni kwamba hiyo sifuri ni wastani wa dunia nzima. Ndani ya utafiti huohuo kuna ugonjwa wa moyo ule wa mishipa kuziba, na kwenye ugonjwa huo peke yake mstari unashuka kwanza kabla ya kupanda, yaani kwa kiasi kidogo kisichofika kipimo kimoja kwa siku wanywaji walionekana kuwa na hatari pungufu. Kwenye kansa ya matiti au kifua kikuu hakuna kushuka, unapanda moja kwa moja. Walichofanya watafiti ni kuichanganya mistari yote 23 kuwa mmoja, kila ugonjwa ukipewa uzito kulingana na unavyowasumbua watu duniani. Sasa fikiria, mahali ambapo kifua kikuu na ajali ni vingi, pombe kidogo ina maana moja. Mahali ambapo watu wengi ni wazee na moyo ndio unaoongoza kuua, ina maana nyingine. Kijana wa miaka 22 na bibi wa miaka 70 wako kwenye mstari mmoja wa wastani ambao sio wa yeyote kati yao. Habari ikachukua wastani huo ikamwambia kila msomaji "wewe".

Na hili silitungi, kwa sababu mwaka 2022 mradi uleule, jarida lilelile la Lancet, walitoa utafiti mwingine ambao safari hii walitenganisha watu kwa umri na eneo badala ya kuchanganya wote. Wakakuta kwa watu wa miaka 15 mpaka 39 kiwango cha madhara madogo kabisa kiko sifuri au karibu sana na sifuri, chini ya kipimo kimoja kwa siku. Kwa wenye miaka 40 mpaka 64 kikawa kati ya nusu kipimo na karibu vipimo viwili kwa siku, kutegemea eneo na jinsia. Vichwa vya habari vikageuka siku hiyohiyo, vijana wasinywe, wazee wanaweza kufaidika, na watu mitandaoni wakaanza kulalamika kwamba hawa wanasayansi leo wanasema hivi kesho vile, hawajielewi.

Lakini rudi kwenye ule mstari wa 2018 unaotambaa pale mwanzoni. Mstari ukiwa umelala hivyo, sehemu yake ya chini kabisa inahamishika kirahisi sana, ukibadilisha kidogo uzito wa ugonjwa mmoja inasogea kutoka sifuri kwenda nusu, kutoka nusu kwenda moja, na mstari wenyewe haujapanda wala kushuka kiasi cha kumshtua mtu. Kilichogeuka kutoka "hakuna kiwango salama" mpaka "wanaweza kufaidika" ni hiyo nukta ya chini, basi, na ndiyo nukta pekee ambayo habari zote mbili ziliichukua. Upande wa kulia wa grafu, kule kwa mjomba, 2018 mstari ulikuwa unapanda na 2022 ulikuwa bado unapanda. Na ile ya 2022 ilikuwa imehesabu pia ni akina nani duniani wanakunywa kupita kiwango kisichowadhuru: asilimia 59.1 walikuwa wa miaka 15 mpaka 39, na asilimia 76.9 walikuwa wanaume.